Kidonge cha pili cha tezi ya shingo



Tangu mwanzo wa mwaka ulizo moja limerudi mara nyingi katika kikundi chetu, na juma hili tunalipatia nafasi yake. Wamama wenye kumeza dawa ya tezi ya shingo kila asubuhi wanasema: vipimo vya damu ni vizuri, mganga anafurahi, lakini mwili bado hauamki. Usingizi unalemea saa nne za mchana, mikono baridi, kilo hazipungui, majina ya watoto wa jirani yanapotea kichwani. Halafu mtu mmoja anatoka Ulaya au anatuma ujumbe kwenye simu: «Huko wanaongeza kidonge cha pili, kinaitwa T3. Waombe wakupe.» Je, ni kweli? Tulisoma, tukauliza mganga anayetusaidia, na hapa tunaeleza tulichopata.

Tuanze na tezi yenyewe, ile iliyo mbele ya koo na ambayo ikivimba tunaiita goita. Inatengeneza homoni mbili. Ya kwanza inaitwa T4 kwa sababu imebeba chembe nne za iyodi. Ya pili ni T3, yenye chembe tatu. T4 ni kama unga ulio ndani ya mfuko: ni nyingi, inakaa muda mrefu, lakini hailiwi vile ilivyo. T3 ni ugali uliokwisha kusongwa. Ndiyo inayoingia kazini, inapasha mwili joto, inasukuma moyo, inaamsha matumbo na akili. Tezi ya mtu mzima mwenye afya inatoa kwa siku karibu mikrogramu 80 hadi 100 za T4, na T3 kidogo tu, karibu 6. T3 nyingine yote, sehemu nne kwa tano, mwili unaisonga wenyewe: ini, figo, misuli na ubongo vinachukua T4, vinaitoa chembe moja ya iyodi, na T3 inapatikana.

Kuna pia TSH, ambayo wengi wetu tunaiona kwenye karatasi ya labo. Hiyo haitoki katika tezi. Inatoka katika ubongo, na kazi yake ni kuiamrisha tezi. Sisi walimu tunaielewa upesi: darasa likilala, mwalimu anapaza sauti, darasa likifanya kazi, sauti inashuka. TSH ikiwa juu, maana yake ubongo unaona homoni hazitoshi. Ikiwa chini kabisa, homoni zimezidi.

Sasa mama aliyepasuliwa goita, au ambaye tezi yake imekufa kwa ugonjwa, anapewa kidonge cha levotiroksini. Hiyo ni T4 iliyotengenezwa kiwandani. Zamani mambo yalikuwa tofauti. Kuanzia mwaka 1891, wakati mganga Mwingereza George Murray alipomtibu mama mmoja kwa maji ya tezi ya kondoo, wagonjwa walipewa dawa ya tezi za wanyama, na ndani yake T4 na T3 zilikuwa pamoja. Kisha mwaka 1970 wachunguzi wa Amerika walionyesha kwamba hata mtu asiye na tezi kabisa, ukimpa T4 tu, T3 inaonekana katika damu yake. Mwili unasonga wenyewe. Basi waganga wakasema kidonge kimoja kinatosha, na ni kweli kwamba kwa wengi kinatosha. T4 inakaa mwilini hivi kwamba nusu yake inachukua karibu siku saba kwisha, kwa hiyo mtu anameza mara moja kwa siku na damu yake haipandi wala kushuka ovyo.

Lakini hesabu ya sehemu nne kwa tano inaacha ulizo. Ile sehemu ya tano ya T3, ambayo tezi yenyewe ilikuwa inaitoa moja kwa moja, mama asiye na tezi anaipata wapi? Anaipata kwa kuongezewa T4 kidogo. Ndiyo sababu katika damu ya wagonjwa wengi TSH ni nzuri, T4 iko juu kidogo kuliko ya mtu mwenye tezi nzima, na T3 iko chini kidogo. Wagonjwa wanaodai T3 wanasimama juu ya jambo hilo. Hawakulitunga. Na si wachache: inakadiriwa kwamba kati ya wagonjwa 100 wenye TSH nzuri, 5 hadi 10 wanabaki na uchovu, huzuni au usahaulifu.

Sisi wa Kivu tuna sababu yetu ya kuamini nguvu ya T3. Kwenye kisiwa cha Ijwi, ambako udongo una iyodi kidogo na muhogo usioloweshwa vizuri unazidisha shida, waganga walichunguza goita kwa miaka mingi kuanzia miaka ya 1960. Walikuta watu wazima ambao T4 katika damu yao ilikuwa chini sana, na bado walikuwa wanalima na kubeba mizigo bila dalili kubwa. Tezi zao, kwa kukosa iyodi, zilikuwa zimejifunza kutoa T3 zaidi, maana T3 moja inahitaji iyodi kidogo kuliko T4. Haionyeshi kwamba kidonge cha T3 kinafaa kwa aliyepasuliwa. Inaonyesha tu kwamba T3 si hadithi.

Basi kwa nini isitolewe kwa wote? Hapo ndipo majaribio yanapoingia. Ili kujua kama dawa inasaidia, haitoshi kumpa mtu na kumuuliza. Unagawanya wagonjwa kwa kura, unawapa vidonge vinavyofanana kwa macho, na hakuna anayejua nani anameza nini, hata mganga anayewauliza. Mwishoni ndipo siri inafunguliwa.

Jaribio lililowasha moto lilifanywa Kaunas, katika nchi ya Lituania, likatangazwa mwaka 1999. Wagonjwa walikuwa 33, karibu nusu yao walikuwa wametolewa tezi kwa kansa. Kila mmoja alimeza T4 peke yake majuma matano, na majuma mengine matano alipunguziwa mikrogramu 50 za T4, akapewa badala yake 12 na nusu za T3. Siri ilipofunguliwa, watu 20 walisema walijisikia vizuri zaidi katika majuma ya T3. Wawili walipenda T4 peke yake, na 11 hawakuona tofauti. Moyo wao ulikuwa mwepesi zaidi na vipimo vya akili vilipanda. Habari hiyo ilikimbia dunia nzima, na hata leo ndiyo inayosimuliwa katika zile jumbe za simu.

Zisizosimuliwa ni zile zilizofuata. Wachunguzi wa nchi nyingine walirudia na watu wengi zaidi na kwa muda mrefu zaidi. Kubwa kuliko zote lilifanywa Uingereza, wagonjwa 697, mwaka mzima, likatangazwa 2005. Nusu walibaki na T4 yao yote; nusu walibadilishiwa mikrogramu 50 za T4 kwa 10 za T3. Baada ya miezi mitatu waliopewa T3 walisema wanajisikia vizuri zaidi kuliko mwanzo. Lakini wale wasiopewa, ambao walidhani labda wamepewa, nao walisema hivyo hivyo kwa wingi. Mwaka ulipoisha, hapakuwa na tofauti ya maana kati ya makundi mawili.

Tunaomba msicheke wagonjwa hao. Mtu ambaye kwa miaka ameambiwa «damu yako ni nzuri, rudi nyumbani», siku anapoitwa, anapimwa, anaulizwa anavyolala, anapigiwa simu, huyo anapata nafuu ya kweli. Ni nafuu ya kusikilizwa na kutumaini. Tatizo ni kwamba ukimpa kidonge nje ya jaribio, nafuu hiyo utaiandika kwa jina la kidonge.

Mwaka huo huo wa 2005 lilitangazwa jaribio la Amsterdam, na kwetu ndilo linalofundisha kuliko yote. Watu 141 waligawanywa makundi matatu: T4 peke yake, T4 na T3 kidogo, T4 na T3 nyingi zaidi. Mwishoni waliulizwa kama wanapenda dawa mpya kuliko ile ya zamani. Katika kundi la kwanza, 29 kwa 100 walisema ndiyo, ingawa dawa yao haikubadilika kabisa! Katika la pili 41, na katika la tatu 52. Kadiri T3 ilivyoongezeka, ndivyo watu walivyoipenda. Ukiishia hapo, utasema T3 imeshinda. Lakini walipopima uchovu, huzuni na kumbukumbu, makundi yalilingana. Kilichotofautiana ni mzani: kundi la T3 nyingi lilikuwa limepunguza karibu kilo 1 na gramu 700, na walioipenda dawa ndio waliopungua zaidi. Na TSH ya kundi hilo ilikuwa imeanguka chini kabisa, kwenye 0.07. Kwa maneno mengine, wengi wao walikuwa wamemeza homoni kupita kiasi. Mwili uliojaa homoni unapunguza kilo, ndiyo, lakini unafanya hivyo kwa kuukimbiza moyo, na kwa miaka mingi unakula mifupa, zaidi ya mama aliyekoma hedhi.

Mwaka 2006 wachunguzi walikusanya majaribio 11 pamoja, wagonjwa 1216. Uchovu, maumivu, huzuni, kilo, kumbukumbu: hapakuwa na tofauti kati ya T4 peke yake na T4 pamoja na T3.

Tungeweza kufunga daftari hapo, na waganga wengi walilifunga. Lakini mwaka 2009 Wadenmaki walitangaza jaribio la watu 59 ambamo TSH ilichungwa isishuke, T3 ikiwa mikrogramu 20. Humo 49 kwa 100 walipenda mchanganyiko na 15 tu walipenda T4 peke yake, na maulizo kuhusu maisha ya kila siku yalionyesha nafuu. Tena mwaka 2021, kule Amerika, kati ya wagonjwa 75 hapakuonekana tofauti kwa jumla, ila ile theluthi iliyokuwa na dalili nyingi mwanzoni ilipata nafuu zaidi na dawa zenye T3. Tukitazama hivyo tunaona pengo: majaribio mengi ya zamani yalichukua wagonjwa wote, hata wale waliokuwa wanajisikia vizuri na T4. Ukimpa miwani mwanafunzi anayeona vizuri, alama zake hazitapanda, na darasa zima litaonekana kama miwani haina kazi. Pia karibu yote yalitoa T3 mara moja au mbili kwa siku, na T3 ya kidonge inapanda katika damu kwa saa mbili hadi nne halafu inashuka, tofauti na tezi inayotoa polepole mchana na usiku.

Maoni yetu, basi: T3 haisaidii wagonjwa wengi, na anayeahidi kwamba itamaliza uchovu anadanganya. Lakini kusema kwamba hakuna mama hata mmoja ambaye ingemsaidia, majaribio hayajafika huko.

Tuchukue mama mmoja wa kikundi chetu, aliyetukubalia tueleze habari yake bila jina. Ana kilo 62. Alipasuliwa goita miaka sita iliyopita, na anameza levotiroksini mikrogramu 100. Kipimo hicho kinamfaa, kwa sababu mtu asiye na tezi anahitaji karibu mikrogramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili, na ukizidisha kwa 62 unapata 99. TSH yake ni 2.3. Mdogo wake anayekaa Ubelgiji alimtumia kopo la vidonge vya T3, kila kimoja mikrogramu 25, na ujumbe: ongeza kimoja asubuhi.

Tufanye hesabu. T3 ina nguvu karibu mara tatu ya T4. Kidonge kimoja cha 25 ni kama mikrogramu 75 za T4. Akikiweka juu ya 100 zake, ni kama amemeza 175 kila siku. Baada ya saa tatu moyo ungeanza kudunda, mikono ingetetemeka, jasho lingetoka, usiku usingizi ungekimbia. Kwa siku chache labda angejisikia ana nguvu, na hiyo ndiyo hatari yenyewe.

Waganga wa tezi wa Ulaya walitoa mwongozo mwaka 2012 kwa wale wachache wanaojaribu. Unagawanya kipimo cha T4 kwa 20, na hiyo ndiyo T3. Kwa mama wetu, 100 kwa 20 ni 5. Halafu unatoa mara tatu ya hiyo 5 kutoka kwenye T4: zinabaki 85. Basi angehitaji T4 85 na T3 5, yaani sehemu ya tano ya kile kidonge cha Ubelgiji, tena ikiwezekana imegawanywa mara mbili kwa siku, sehemu kubwa wakati wa kulala. Jaribu kukata kidonge kidogo sehemu tano sawasawa na kisu cha jikoni, halafu kila nusu ya hapo! Mwongozo unasema pia TSH ipimwe, damu itolewe asubuhi kabla ya kumeza, na kama miezi mitatu imepita bila nafuu, T3 iachwe. Mwenye ugonjwa wa mapigo ya moyo hapewi.

Na mwenye mimba hapewi. Hili tunaliandika kwa herufi nzito katika vichwa vyetu, kwa sababu wasomaji wetu wengi ni wamama wanaozaa bado. Ubongo wa mtoto tumboni unatumia T4 ya mama, ambayo unaisonga wenyewe kuwa T3. T3 ya mama haifiki huko vya kutosha. Mama anayepunguza T4 ili kuweka T3 anaweza kujisikia vizuri wakati mtoto anakosa. Anayeona hedhi imechelewa naye yuko kwenye mchanganyiko, aende kwa mganga siku hiyo hiyo, maana kwa kawaida mimba inadai T4 iongezwe.

Mganga wetu hakugusa lile kopo. Aliuliza kwanza mambo mengine, na mwongozo wenyewe unadai hivyo: kabla ya T3, tafuta sababu nyingine za uchovu. Alipima damu, akakuta hemoglobini iko 9. Damu ilikuwa imepungua, kwa sababu hedhi ya mama huyo ilikuwa nzito kwa miezi mingi. Alipewa vidonge vya feri. Na hapo aliambiwa jambo ambalo wengi hawajui: feri na levotiroksini hazimezwi pamoja. Zikikutana tumboni zinashikana, na dawa ya tezi inatoka na choo. Kinachotakiwa ni levotiroksini alfajiri na maji matupu, kusubiri nusu saa hadi saa moja kabla ya chai, kahawa au uji wa soya, na feri kungojea saa nne, yaani mchana. Kalsiamu nayo vilevile. Angezimeza pamoja, TSH yake nzuri ingeharibika, na angezidi kuamini kwamba T4 haifai. Vidonge visikae karibu na mbabula wala dirishani kwenye jua, kwa sababu joto linavipunguza nguvu.

Baada ya miezi mitatu hemoglobini ilifika 12. Usingizi wa mchana umekwisha, anapanda kilima cha soko bila kusimama. Usahaulifu haujakwisha wote, na kilo ni zile zile. Amemuuliza mganga tena kuhusu T3. Jibu lilikuwa kwamba kwa sasa hapa kwetu dawa hiyo haipatikani mara kwa mara, na kipimo cha TSH kinalipiwa kila mara. Kuanza T3 bila uhakika wa kopo la pili na bila kupima ni kujitupa. Wamekubaliana kutazama pia huzuni aliyonayo tangu kifo cha mama yake, na kurudia ulizo la T3 mwezi wa sita. Lile kopo limebaki kwa mganga, ndani ya kabati, na tarehe yake ya mwisho imeandikwa juu.